Maji ya Mboga Niliyoamuru Yamwagwe

Nilifundisha sayansi kimu katika shule ya bweni ya wasichana, huko milimani Tanga, na mwaka baada ya mwaka niliandika ubaoni kwamba mboga ikichemshwa vitamini C yote huisha. Wanafunzi walinakili, wakajibia mtihani, wakapata alama. Sikuwa nimepima wala kusoma kwa makini. Nilikuwa nimeipokea kwa mwalimu wangu, naye huenda aliipokea kwa wake, nikaipitisha mbele kana kwamba ni amri.

Kama ingebaki ubaoni pengine nisingeandika haya. Lakini niliipeleka jikoni. Mkuu wa shule aliponikabidhi usimamizi wa chakula cha bwalo, nilipanga kila kitu juu ya imani hiyo. Nilihesabu kwamba sukumawiki tunayopika kila siku haina vitamini C hata chembe, hivyo sikuona sababu ya kuitunza. Niliagiza ikatwe nyembamba mapema asubuhi, ilowekwe kwenye mabeseni ya maji ya chumvi ili wadudu na mchanga vitoke, ichemshwe kwenye maji mengi mpaka ilainike kabisa, kisha ikamuliwe kwa mikono na kuungwa kwa kitunguu na nyanya. Yale maji ya kijani niliamuru yamwagwe mtaroni. Niliwaambia wapishi kuwa ni uchafu na mabaki ya dawa za shambani.

Mpishi mkuu alikuwa mama wa makamo aliyepika hapo tangu kabla sijafika. Nyumbani kwake, na jikoni mle kabla yangu, mboga ilipikwa kwa maji kidogo tu, sufuria imefunikwa, na kilichobaki chini kililiwa pamoja na ugali. Siku nilipomwambia amwage, aliniuliza, "Mwalimu, hiyo vitamini ikitoka kwenye majani inakwenda wapi?" Nikamjibu bila kusita kwamba inaungua kwa moto na nyingine inapaa na mvuke. Akasema, "Haya, mwalimu," akainua sufuria na kumwaga. Lile lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu mboga, nami nililizima kwa jibu ambalo sehemu yake moja ni nusu ya kweli na nyingine si kweli kabisa.

Nianze na hiyo isiyo kweli. Vitamini C haipai na mvuke. Ni kitu kigumu, chembechembe nyeupe zenye uchachu, na ukiipasha ikiwa kavu huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi karibu 190. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na kwetu milimani chini kidogo ya hapo. Mvuke unaopanda kutoka kwenye sufuria ni maji matupu. Vitamini yote iliyomo inabaki chini. Ndiyo maana mboga iliyoivishwa juu ya mvuke, bila kuguswa na maji, huhifadhi vitamini C nyingi kuliko ile iliyozamishwa. Kama mvuke ungekuwa ndio mwizi, mambo yangekuwa kinyume.

Kuhusu kuungua, darasani nilikuwa na hadithi niliyoipenda mno. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia wagonjwa wa kiseyeye kwenye meli ya Salisbury, akawapa tiba tofauti, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Baadaye alitafuta njia ya kuhifadhi maji ya malimau safarini, akashauri yapashwe moto mpaka yawe mazito kama asali. Dawa ile ilipoteza nguvu zake nyingi. Niliitumia kama ushahidi kwamba moto humaliza yote. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi, kwa kuwa mwenyewe sikuzingatia, kwamba Lind aliyaweka maji yale kwenye chombo kipana kilicho wazi, juu ya maji yaliyokaribia kuchemka, kwa saa nyingi. Sukumawiki yetu ilikaa motoni dakika chache, ndani ya sufuria. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi niliyafanya moja.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenzangu wa kemia. Alikuwa akiandaa somo la kupima vitamini C kwa iodini, akaomba jikoni kitu cha kupima. Nikamwambia asihangaike na mboga ya kuchemsha kwa kuwa haina kitu. Akasema basi atapima na maji yake pia, tuone.

Kipimo chenyewe ni chepesi na hakihitaji maabara kubwa. Unachemsha wanga kidogo wa mahindi kwenye maji upate uji mwepesi sana, ambao iodini ikiugusa hugeuka bluu ya kukoza. Kukiwa na vitamini C, iodini hushughulika nayo kwanza, hivyo rangi ikitokea inafifia papo hapo. Unaendelea kudondosha tone moja moja huku ukikoroga. Vitamini ikiisha, tone linalofuata linaacha bluu isiyoondoka, na hapo unasimama na kuhesabu matone. Ili matone yawe na maana unatengeneza kwanza maji ya kulinganishia: kidonge cha vitamini C cha miligramu 100 kilichosagwa na kuyeyushwa kwenye mililita 100 za maji, yaani kila mililita ina miligramu moja. Ukijua mililita kumi za maji hayo zimemeza matone mangapi, unaweza kukadiria kilichomo kwenye maji ya mboga.

Alipima gramu 100 za sukumawiki, akachemsha kwenye nusu lita ya maji kwa dakika kumi, akachuja, akaacha yapoe. Nilikuwa nimesimama pembeni nikingojea bluu itokee kwa tone la kwanza. Haikutokea. Tone likaingia, likafifia. La pili, likafifia. Aliendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka kuangalia. Kisha akatwanga majani yaliyochemshwa, akayakamua kwenye maji yenye siki, akapima hayo nayo, na mwisho majani mabichi kwa namna ileile. Kilichobaki kwenye majani na kilichokuwa kwenye maji vilikaribiana. Kilichopotea kabisa, ambacho hakikuonekana kokote, kilikuwa kidogo kuliko kila kimoja cha hivyo viwili.

Lazima nieleze mipaka ya kipimo hicho, kwa sababu sitaki kurekebisha kosa kwa kosa lingine. Mboga za jamii ya kabichi, ambamo sukumawiki imo, zina vitu vingine vinavyomeza iodini, kwa hiyo matone yanaweza kuonyesha vitamini C nyingi kuliko iliyopo. Rangi ya kijani nayo inasumbua jicho, na inabidi kuzimua maji ndipo uone bluu inapoanza. Tarakimu za namna hii si za kuandika kwenye jedwali. Lakini swali langu halikuwa la tarakimu. Nilikuwa nimesema hakuna kitu, si kwenye majani wala majini, na mbele yangu vyote viwili vilikuwa navyo.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kushika chaki. Vitamini C huyeyuka kwenye maji kwa urahisi mkubwa. Ndani ya jani imo kwenye utomvu wa seli, na seli ikiwa hai utando wake huizuia isitoke. Joto likiua seli, utando unalegea, na vitamini inaanza kutawanyika kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache. Ikiachiwa muda wa kutosha itatoka mpaka maji ya ndani ya jani na maji ya nje yawe na ukali uleule.

Sasa chukua kilo moja ya sukumawiki. Karibu gramu 900 za kilo hiyo ni maji ya jani lenyewe. Ukiizamisha kwenye lita tatu za maji, kama nilivyoagiza, na ukaichemsha mpaka mambo yalingane, vitamini itagawanyika kati ya gramu 900 zilizo ndani na 3,000 zilizo nje. Kwenye majani itabaki chini kidogo ya robo. Robo tatu na zaidi iko kwenye maji ya kijani. Halafu nilikuwa nawaambia wapishi wayakamue majani, na anayekamua nusu ya maji ya jani anatoa pia nusu ya vitamini iliyosalia. Tuseme mwanafunzi alipangiwa gramu 100 za mboga mbichi, na jani bichi lina miligramu karibu 100, kiasi ambacho si cha ajabu kwa mboga hii ikiwa imetoka shambani karibuni. Baada ya maji mengi angebaki na 23. Baada ya kukamua, 11 au 12. Hapo bado sijatoa hata miligramu moja kwa ajili ya kuungua.

Pika kilo ileile kwa nusu lita ya maji, na hesabu inabadilika: gramu 900 ndani, 500 nje. Zaidi ya sita kati ya kumi zinabaki kwenye jani hata ukichemsha mpaka zilingane, na zile nyingine ziko kwenye mchuzi kidogo ambao unaweza kuliwa wote. Jani ni lilelile na moto ni uleule. Kilichobadilika ni ndoo ya maji tu. Kijana wa miaka 10 hadi 18 anahitaji kama miligramu 40 kwa siku kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Kwa njia ya mama mpishi, sahani moja ya mboga ilitosha. Kwa njia yangu haikufika hata theluthi.

Majedwali ya vyakula yanaonyesha jambo hilohilo kwa anayeyasoma polepole. Katika yale ya Idara ya Kilimo ya Marekani, brokoli mbichi ina miligramu 89 kwa kila gramu 100, na iliyochemshwa na kumwagwa maji ina 65. Spinachi mbichi ina 28, iliyochemshwa ina 10 hivi. Kipande kinene cha brokoli kinaachia taratibu, ilhali jani jembamba la spinachi linaachia haraka. Na jani jembamba tulilolikata nyembamba zaidi kwa kisu, tukaliloweka saa mbili, lilikuwa limefunguliwa milango yote. Kila mkato ni mstari wa seli zilizopasuka, na hizo hazingoji moto ndipo ziachie.

Hata hivyo ile nusu ya kweli niliyokuwa nayo sitaitupa. Vitamini C huharibika pia, na iliyoharibika kabisa hairudi. Ndani ya jani kuna kimeng'enya ambacho, seli ikipasuliwa na hewa ikaingia, huunganisha vitamini na oksijeni. Hatua ya kwanza ya uharibifu huo si hasara bado, kwa kuwa mwili unaweza kuirudisha vitamini katika hali yake. Hatua ya pili ndiyo ya mwisho: umbo lake linafunguka, na hapo si vitamini tena. Kimeng'enya hiki hufanya kazi kwa bidii maji yakiwa vuguvugu, lakini yakichemka kinakufa upesi. Kwa hiyo sufuria kubwa ya shule, iliyojazwa maji baridi na majani kwa pamoja juu ya kuni, ikipanda joto polepole, ilikuwa inakipa nafasi nzuri kabisa ya kufanya kazi. Majani yaliyotiwa kwenye maji yanayobubujika tayari, kidogo kidogo ili yasizime mchemko, hayakipi nafasi hiyo. Tena maji yanayochemka yana oksijeni kidogo sana iliyoyeyuka ndani yake, na hiyo ndiyo sababu dakika chache za mchemko chini ya kifuniko haziharibu kwa kiasi nilichokuwa nahubiri.

Magadi ni jambo jingine. Tuliyatia ili mboga ilainike upesi na ibaki na kijani cha kupendeza. Vitamini C hutulia kwenye uchachu na huvunjika upesi kwenye magadi. Nyanya na ndimu huilinda, magadi huifukuza. Niliyaondoa jikoni wiki ileile.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimdhuru mtu. Kiseyeye hakikuwepo, wala sikutarajia kingekuwepo, kwa kuwa miligramu kama 10 kwa siku zinatosha kukizuia kwa mtu mzima, na wasichana walikula pia machungwa na mapera kwa msimu. Linaloniuma ni madini ya chuma. Chakula cha shule yetu kilikuwa ugali, maharage na mboga, na nyama mara chache. Chuma kilichomo kwenye maharage na majani huingia mwilini kwa shida, na vitamini C ikiwa kwenye mlo uleule hukisaidia kuingia. Hawa walikuwa wasichana waliokwisha kuvunja ungo, wanaopoteza damu kila mwezi, na wengine niliwaona wakipelekwa zahanati wakiwa weupe viganjani. Siwezi kusema ni maji yale yaliyowafanya hivyo, kwani upungufu wa damu una sababu nyingi, na malaria na minyoo ni baadhi yake. Lakini msaada uliokuwa sufuriani bure, karibu na maharage yao, mimi ndiye niliyeamuru uende mtaroni.

Kosa langu kubwa sasa naliona vizuri. Kusema imebaki kidogo kungenifanya niulize ni kidogo kiasi gani na ningefanya nini ili ibaki nyingi. Kusema imeisha yote kuliniondolea kila swali. Ikiwa yote imekwisha, haidhuru ukate vipi, utie maji kiasi gani, wala uloweke muda gani. Nikawa namkataza mpishi mwangalifu uangalifu wake kwa jina la sayansi.

Nilimwendea mama mpishi nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nilikosea, na kwamba vitamini aliyoiulizia ilikuwa kwenye maji niliyomwambia amwage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mwalimu turudi kwenye yale ya zamani?" Nikamwambia turudi. Majani yakaoshwa mazima kwenye maji yanayomiminika, ndipo yakakatwa, kwa upana wa vidole viwili, muda mfupi kabla ya kupikwa. Mchanga na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani huondoka kwa kuosha hivyo bila kupasua jani. Kitunguu na nyanya vilikaangwa kwanza, mboga ikatiwa juu yake na maji kidogo, sufuria ikafunikwa. Siku za kabichi, maji yaliyobaki yaliingia kwenye maharage yakiwa yameshaiva.

Kuna mboga ambazo sheria hii haizihusu, na ninaomba msomaji asizichanganye. Kisamvu kina sumu ya sayanidi iliyofungwa ndani ya jani. Kukitwanga kunaifungua, na kukichemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, kunaitoa. Hapo vitamini C nyingi inapotea, na inapaswa kupotea, kwa sababu usalama unatangulia. Asitokee mtu akapunguza muda wa kisamvu kwa sababu ya maneno yangu. Mnafu mchungu nao wengi humwaga maji yake ya kwanza ili uliwe, na mboga iliyoliwa ni bora kuliko iliyoachwa sahanini. Ukitaka vitamini C siku hiyo, kamulia ndimu juu yake wakati wa kula.

Tulibaki na shida moja ambayo sikuwa nimeifikiria. Chakula kilikuwa tayari saa tano na nusu, na darasa la mwisho lilikula karibu saa nane. Mboga iliyokaa moto kwa muda wote huo, ikifunuliwa kila anapopita mtu na upawa, inaendelea kupoteza, na kuipasha tena kunaongeza hasara. Wapishi walisema sufuria moja kubwa ndiyo desturi na kuni hazitoshi kwa mbili. Tulibishana kwa siku kadhaa. Mwishowe mama mpishi alipendekeza mboga igawanywe: nusu ipikwe kwa ajili ya madarasa ya kwanza, na nusu nyingine, ikiwa imeoshwa lakini haijakatwa, ingoje kwenye kapu kivulini mpaka kengele ya kwanza igonge. Kuni za moto wa pili zilitokana na zile tulizokuwa tunachomea maji ya kumwaga.